M kubwa isiyopita kiasi

Katika modeli zenye vigeu vya namba kamili, kanuni `x <= M*y` hufunga ghala lisilolipiwa: `y` ikiwa 0 hakuna mzigo, ikiwa 1 mzigo wowote hadi M unaruhusiwa. Tuseme kufungua ghala ni shilingi 1,000,000 na mzigo ni tani 80.

Kabla ya kutafuta jibu kamili, programu hulegeza sharti na kuruhusu `y` kuwa sehemu. M ikiwa 10,000,000, `y` ya 0.000008 inatosha, na ghala "linafunguliwa" kwa shilingi 8. Makadirio hayo hayaelezi chochote kuhusu gharama halisi, hivyo programu hulazimika kupekua matawi mengi mno. M ikiwa 100, makadirio hupanda hadi 800,000. Ikiwa 80, hufika 1,000,000 yenyewe.

Kuna hatari mbaya zaidi. Baadhi ya programu huhesabu 0.000008 kuwa sifuri, kwa kuwa iko chini ya ustahimilivu wa 0.00001. Jibu hutoka likionyesha tani 80 ndani ya ghala lililofungwa.

M hutolewa kwenye data: kiasi kidogo kati ya uwezo wa ghala na mahitaji yote. Ikishuka chini ya hapo, majibu halali hukatwa kimyakimya.