Asali ya tangawizi: maneno ya simu na lebo ya chupa yasipishane

Asali iliyochanganywa na tangawizi ni bidhaa inayouzika haraka kwa WhatsApp kati ya Gitega, Muyinga na ng'ambo ya mpaka wa Kobero. Mnunuzi aliye Ngara haionji wala hainusi kabla ya kulipa. Anachokiona ni picha na maneno yaliyo chini yake. Kwa hiyo maneno hayo, pamoja na lebo ya chupa, ndiyo ahadi yote ya muuzaji.

Kosa la kwanza huanzia kwenye jina. Wengi huandika "asali halisi asilimia 100", hali ndani kuna tangawizi. Asali iliyoongezwa kitu si asali halisi tena. Jina la kweli ni "asali yenye tangawizi", na chini yake viungo hupangwa kuanzia kilicho kizito zaidi: "Viungo: asali, tangawizi". Kama kuna limau au sukari, navyo viandikwe hata vikiwa kidogo.

Kosa la pili ni tarehe. Asali safi hukaa muda mrefu kwa sababu ina maji machache. Viwango vya kimataifa haviruhusu yazidi asilimia 20. Tangawizi mbichi hubadilisha hesabu hiyo. Tuseme mtengenezaji wa Gitega anachanganya gramu 900 za asali yenye maji asilimia 18 na gramu 100 za tangawizi mbichi iliyosagwa. Asali inaleta gramu 162 za maji. Tangawizi, ambayo karibu asilimia 80 yake ni maji, inaleta gramu 80. Jumla ni gramu 242 katika kilo moja, yaani asilimia 24. Mchanganyiko huo utachacha: povu litapanda, kifuniko kitavimba na harufu ya pombe itatoka, pengine chupa ikiwa bado ndani ya basi la kwenda Muyinga. Kuandika "miaka miwili" kwenye chupa hiyo ni kunakili tarehe ya asali nyingine.

Akitumia gramu 20 za unga mkavu wa tangawizi katika asali ileile, maji hubaki chini kidogo ya asilimia 18. Hapo tarehe inaweza kutafutwa kwa haki. Atenge chupa sita za mkupuo mmoja, aziweke mahali pa kawaida, si kwenye jokofu, na afungue moja kila mwezi. Mabadiliko yakionekana mwezi wa sita, aandike miezi minne. Njia hii yafaa kwa chakula kikavu au chenye sukari nyingi kama hiki. Haifai kwa juisi wala mchuzi wa pilipili, ambavyo vinaweza kuharibika bila kuonyesha dalili. Hivyo huhitaji maabara.

Kwenye lebo ziandikwe tarehe ya kutengenezwa, tarehe ya mwisho na namba ya mkupuo. Mteja mmoja akilalamika, namba hiyo ndiyo itakayoonyesha ni chupa zipi zirudishwe, badala ya kuzirudisha zote.

Kosa la tatu ndilo zito: "hutibu kisukari na vidonda vya tumbo". Takriban asilimia 80 ya asali ni sukari. Kijiko kikubwa kimoja, cha gramu 21 hivi, kina gramu 17 za sukari. Mgonjwa wa kisukari akiacha dawa kwa kuamini tangazo hilo, anaweza kupoteza maisha. Neno la kutibu ni la dawa, na dawa husajiliwa. Badala yake andika matumizi: "Kwa chai, uji au mkate." Tena ongeza onyo: "Asipewe mtoto aliye chini ya mwaka mmoja", kwa kuwa asali inaweza kubeba vijidudu vinavyoleta sumu tumboni mwa mtoto mchanga. Kufuta neno "hutibu" kwenye lebo na kulibakiza kwenye ujumbe wa simu hakusaidii, mnunuzi amelisoma.

Kobero, utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki huwasaidia wenye mzigo usiozidi dola 2,000 ulio kwenye orodha iliyokubaliwa. Lakini nafuu hiyo ni ya ushuru wa forodha; haiondoi ukaguzi wa ubora. Anayetaka kuuza kwa wingi aanze na ofisi ya viwango ya Burundi, BBN, kwani alama ya ubora ya nchi moja mwanachama hutambuliwa na nchi nyingine za Jumuiya.

Kabla ya kutuma picha, geuza chupa na upige upande wa nyuma pia. Mnunuzi akisoma viungo, uzito na tarehe kwenye simu, akavikuta vilevile mzigo unapofika, hakutakuwa na la kubishania.