Ujumbe wa benki ni wa uongo, lakini namba inayofuata ni ya kweli

Wasikilizaji wengi huuliza swali moja kila tunapozungumzia utapeli wa simu: mtu anawezaje kuiba fedha zilizoko benki wakati simu ninayo mkononi na namba yangu ya siri sijamtajia mtu? Jibu liko kwenye jumbe mbili zinazoingia kwa kufuatana. Wa kwanza ni wa tapeli. Wa pili unatoka benki kweli, na huo ndio unaofungua mlango.

Tuchukue mfano wa mkulima wa korosho wa Masasi. Korosho zimeuzwa mnadani kupitia chama cha msingi, na malipo yameingia kwenye akaunti yake. Matapeli wanaujua msimu wa malipo kama wakulima wenyewe wanavyoujua. Saa 4 asubuhi, mkulima anapata ujumbe huu:

"Ndugu mteja, TZS 640,000 imehamishwa kutoka akaunti yako. Kama si wewe, piga namba hii ndani ya dakika 5 kusitisha muamala."

Moyo unamwenda mbio. Anapiga namba iliyoandikwa. Anapokea kijana mwenye sauti ya upole: "Shikamoo mzee. Usiwe na wasiwasi, fedha zako bado tumezizuia. Nitajie namba ya akaunti, kisha nitakutumia namba ya kusitisha muamala. Ikifika unisomee." Baada ya nusu dakika ujumbe wa pili unaingia. Safari hii jina la benki yake limeandikwa juu, na ndani kuna tarakimu sita. Mzee anaamini kwamba kweli anazungumza na benki, maana kijana alisema namba itakuja na imekuja. Anamsomea.

Tuangalie kilichotokea upande wa pili wa simu. Hakuna fedha iliyokuwa imehamishwa. Ujumbe wa kwanza uliandikwa na tapeli ili mzee ashtuke na apige. Mazungumzo yalipokuwa yakiendelea, tapeli alifungua huduma ya benki kwenye simu yake mwenyewe, akaingiza namba ya akaunti na namba ya simu ya mzee, akaomba kusajiliwa. Benki haiwezi kuona nani ameshika simu ile. Kwa hiyo hutuma namba ya uthibitisho kwenye laini ya mwenye akaunti, kana kwamba inauliza: "Ni wewe unayetaka kufanya jambo hili?" Anayeijaza namba hiyo ndiye benki inayemhesabu kuwa mwenye akaunti. Mzee alidhani anasitisha muamala, kumbe alikuwa anatoa ruhusa.

Namba hiyo kwenye simu nyingi huandikwa OTP. Inatumika mara moja tu na muda wake huisha baada ya dakika chache. Ndiyo maana tapeli anakuharakisha na hataki ukate simu ukamwulize mwanao. Ukichelewa, namba inakufa na yeye anaanza upya.

Mara nyingine ujumbe wa namba ya uthibitisho huja kwa Kiingereza, na hapo tapeli anapata mwanya wa kukutafsiria anavyotaka. Ukiona maneno "Do not share" karibu na tarakimu, maana yake ni "usimpe mtu". Benki haikuweka "isipokuwa mfanyakazi wetu". Mfanyakazi wa benki hahitaji kusomewa namba ambayo benki yake ndiyo iliyoituma.

Je, ujumbe wa kwanza ungetambulikaje? Wengi hutazama jina la mtumaji. Ni hatua nzuri ya kuanzia, kwa kuwa taarifa za benki kwa kawaida huja zikiwa na jina la benki, wakati nyingi za matapeli hutoka kwenye namba ya kawaida ya simu. Lakini hatua hiyo haitoshi. Jina la mtumaji linaweza kuigwa, na ujumbe wa uongo ukaingia kwenye mfululizo uleule wenye jumbe halali za benki yako. Kwa hiyo ukiona namba ya mtu binafsi, kuwa na shaka. Ukiona jina la benki, bado usimalize uchunguzi.

Kipimo cha uhakika zaidi ni salio. Tapeli anaweza kuandika maneno yoyote kwenye simu yako, lakini kuandika hakubadilishi kilichoko kwenye akaunti. Acha ujumbe ulivyo, usipige namba iliyomo wala kubonyeza kiungo chake. Fungua mwenyewe menyu ya benki yako uliyoizoea, uangalie salio. Wateja wa NMB hubonyeza *150*66# na wa CRDB *150*03#. Kama fedha zipo zote, ujumbe ule ni wa uongo. Kama kweli zimepungua, piga simu benki kwa namba iliyoandikwa nyuma ya kadi yako, au nenda kwenye tawi.

Kipimo hicho kinafaa pia kwa mwenye duka au mnunuzi wa mazao anayeonyeshwa ujumbe wa "umepokea" kabla ya kutoa mzigo. Salio likiwa halijaongezeka, mzigo usiondoke.

Kuhusu namba ya uthibitisho, jiulize swali moja: je, mimi ndiye niliyeiomba sasa hivi? Ukijisajili huduma mwenyewe, namba itakuja, nawe utaijaza mwenyewe kwenye simu yako. Hapo hakuna tatizo. Ikija bila wewe kuomba chochote, ujue kuna mtu anajaribu kuingia. Usipoitoa, jaribio lake limeishia hapo. Na kumbuka kwamba kupokea fedha hakuhitaji namba hiyo. Anayekuambia umsomee ili akurudishie fedha, akuzuilie muamala au akupe zawadi anataka kuingia kwenye akaunti yako.

Kama umeshaisoma kwa mtu, usikae kusubiri uone kama kuna kitu kitatokea. Pigia benki mara moja uombe huduma ya simu kwenye akaunti yako ifungwe. Kama ni akaunti ya fedha kwenye mtandao wa simu, piga 100 kwa huduma kwa wateja. Kisha badilisha namba ya siri, na nenda tawini na kitambulisho chako. Haraka hii ina sababu: fedha zikiwa bado kwenye akaunti, benki inaweza kuzizuia, lakini zikishahamishwa na kutolewa taslimu kwa wakala, kuzirudisha ni vigumu sana. Toa taarifa polisi pia.

Usifute jumbe zile, kwa kuwa ndizo ushahidi wako. Ule wa tapeli utume kama ulivyo kwenda namba 15040, ambayo Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania imeiweka kwa ajili ya kupokea taarifa za utapeli. Utaombwa namba ya simu iliyotuma ujumbe huo, nawe uijibu. Fanya hivyo hata kama hukupoteza shilingi, maana laini iliyokutumia wewe huenda jioni hiyohiyo ikamtumia jirani yako aliyelipwa katika mnada huohuo.