Kuku wa mchanga kwenye meza ya sebuleni

Hadithi ya kuku aliyeazima wembe wa mwewe akaupoteza husimuliwa sehemu nyingi. Wengine husema ilikuwa sindano. Ndiyo maana kuku anaparua ardhi mpaka leo, na mwewe anamchukulia vifaranga. Kama hapo Nyakahura mna bibi anayeijua, simu moja na meza ndogo ya kioo, mnaweza kuifanya katuni ya mchanga.

Anzeni na sauti. Mrekodini bibi akisimulia kwa Kisubi, Kihangaza au Kiswahili, vile alivyozoea, na kikohozi chake kibaki humo. Picha mnaweza kuzirudia hata mwakani, lakini sauti ya mzee haisubiri likizo ijayo. Caroline Leaf, msanii aliyeifanya kazi hii ya mchanga ijulikane, alitengeneza huko Kanada filamu ya bundi aliyemwoa bata bukini, iliyotoka mwaka 1974. Hadithi ni ya Wainuiti, na sauti za ndege mle ndani walizitoa Wainuiti wenyewe.

Mchanga wa mtoni uoshwe mpaka maji yatoke safi, uanikwe siku nzima, kisha uchekechwe kwa chujio la chai. Chini ya kioo cha meza bandikeni karatasi nyeupe, na sakafuni wekeni taa. Mwanga ukipita, mchanga huonekana mweusi: palipo na tabaka nene ni giza, palipo na tabaka jembamba ni kijivu. Kioo cha rangi nyeusi hakifai. Lazeni ubao wenye tundu juu ya migongo ya viti viwili, simu ilale chali, kamera ya nyuma ikitazama chini kupitia tundu hilo, kama nusu mita kutoka kwenye kioo. Msiibonyeze kwa kidole, maana itasogea. Kitufe cha sauti cha waya wa spika za masikioni hupiga picha kwenye simu nyingi.

Fanyeni kazi usiku, madirisha yakiwa yamefungwa. Mchana wingu likipita juu ya nyumba hamtaligundua, ila kwenye filamu picha itapepesa kama kibatari kwenye upepo. Simu nayo hujirekebishia mwanga kila mkono unapoingia, kwa hiyo shikilieni kidole kwenye kioo cha simu mpaka mwanga ufungwe; kwenye aifoni yatatokea maneno `AE/AF LOCK`. Taa ya sola ijazwe chaji kabisa, kwa kuwa baadhi yake hufifia polepole bila mtu kuona. Kila mkifikisha picha 20, zichezesheni. Kama mandhari inapepesa, tatizo ni mwanga. Kama kila kitu kinaruka pamoja, simu imesogea.

Sasa mwewe. Tutumie picha 12 kwa kila sekunde. Sikilizeni rekodi kwa saa: tuseme maneno ya kushuka kwa mwewe yanachukua sekunde 2. Hizo ni picha 24, na kutoka ukingo wa kioo hadi kwa kuku ni sentimita 48. Mkigawa sawasawa, mwewe atasogea sentimita 2 kila picha, naye ataonekana kama gari linalovutwa kwa kamba. Hatua za mwanzo ziwe za nusu sentimita, ziongezeke kidogo kidogo, na za mwisho zifike sentimita 4 au 5. Hapo atashuka kama mwewe.

Kumsogeza maana yake ni kumfuta. Unasukuma mchanga wa mbele ya bawa kwa kidole, unafagia wa nyuma kwa brashi laini, unapiga picha, na mwewe wa awali hayupo tena. Mkigundua kosa kwenye picha ya 15, hamwezi kurudi ya 14. Mtamchora upya au mtaendelea naye alivyo. Kivuli cha vumbi kinachobaki nyuma yake msikihangaikie, chaonekana kama upepo. Mikono ipanguswe kwa kitambaa kikavu, maana jasho hugandisha mchanga. Na mwenye mafua akae mbali na meza.

Kwa kuku, mtoto apewe kazi ya kuparua: vidole vitatu vikivuta mchanga nyuma, picha moja kwa kila mvuto, na mwanga ukitokea chini ya makucha.

Sekunde 20 ni picha 240. Kwa dakika moja kila picha, hiyo ni saa 4, yaani jioni mbili. Jioni ya kwanza malizeni tukio zima, mfagie kioo kiwe cheupe, na la pili lianzie hapo. Mkiacha mwewe katikati ya anga, paka atapita usiku.