Waliokuwa Nje Wameingia: Mwalimu Awaaga Wenzake

Mwalimu wa shule ya msingi ya serikali nchini Tanzania hustaafu kwa lazima akitimiza miaka 60. Kwa hiyo wengi wanaoaga miaka hii walishika chaki kwa mara ya kwanza mwishoni mwa miaka ya 1980 au mwanzoni mwa 1990, na mabadiliko mengi ya sera ya elimu yamepita mikononi mwao. Mmoja wao, aliyefundisha darasa la kwanza na la pili kwa sehemu kubwa ya utumishi wake, aliwaaga walimu na wanafunzi kwa hotuba iliyoshika jambo moja: nani yumo darasani, na anatoka na nini.

Alianza na ada. Azimio la Musoma la 1974 liliweka lengo la kila mtoto kupata elimu ya msingi, na Sheria ya Elimu ya 1978 ikaifanya kuwa lazima. Uchumi ulipoyumba, wazazi wakatakiwa tena kuchangia. “Asubuhi naita majina, mtoto yupo,” alisimulia. “Saa nne ameshafukuzwa akafuate mchango, na kuna ambao hawakurudi. Kwenye daftari la mahudhurio tuliandika mtoro, kumbe mtoto wa watu hana pesa.”

Mwaka 2002, chini ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, ada ya shule za msingi ilifutwa. Watoto waliokuwa wamebaki nyumbani walimiminika shuleni, wakiwemo waliokuwa wamevuka kwa mbali umri wa kuanza darasa la kwanza. Waliopitwa na umri walifunguliwa madarasa ya MEMKWA, yaani Mpango wa Elimu ya Msingi kwa Waliokosa. Waraka uliotolewa mwaka 2015, na kuanza kutumika Januari 2016, ukaondoa ada hadi kidato cha nne na kuzuia michango ya lazima. Uandikishaji ukapanda tena.

Hapo mwalimu akawaomba wanafunzi wa darasa la saba wamsaidie hesabu. Kipindi cha darasa la kwanza ni dakika 30, na kiwango kinachokubalika ni wanafunzi 45 kwa mwalimu mmoja. Akimsikiliza kila mmoja akisoma, kila mtoto ana sekunde 40. Wakiwa 120, idadi ambayo amewahi kuwa nayo, zinabaki sekunde 15. Akisahihisha kila daftari kwa dakika moja tu, amekaa saa mbili mezani, na hilo ni somo moja.

“Katika msongamano huo,” aliwaambia wenzake, “asiyejua kusoma hujificha kwa urahisi sana, kwa sababu sauti yake imo ndani ya sauti za wenzake.”

Akaeleza anavyomgundua. Mtoto aliyekariri husoma ukurasa mzima bila kukwama, lakini macho yake yako kwenye picha au kwa jirani. Ukiifunika picha na kumwekea kidole kwenye neno la katikati ya sentensi, ananyamaza, au anarudi mwanzo na kukimbiza maneno hadi afike pale. Wapo pia wanaosoma “baba” na “kaka” vizuri, kisha wakakwama kwenye silabi zenye konsonanti zilizoungana, kama za “mbwa”, “nywele” au “ng’ombe”. Wa kwanza arudishwe kwenye herufi na sauti zake. Wa pili anahitaji mazoezi ya silabi hizo tu. Ukiwapa wote dawa moja, mmoja hatapona.

Udhaifu huo ndio uliofanya mtaala wa darasa la kwanza na la pili wa mwaka 2015 kuelekeza muda mwingi kwenye stadi za KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. Mwalimu aliusifu mtaala huo, lakini akasema wazi kwamba haukupunguza idadi ya watoto katika chumba kimoja.

Kwa wanafunzi alikuwa na neno fupi. “Wanangu, usipoelewa, usiitikie ‘ndiyo mwalimu’. Nyoosha mkono. Mwalimu hawezi kukusaidia katika jambo ulilomficha.”

Kwa walimu wenzake aliacha kazi yenye tarehe. Mtaala mpya ulioanza kutumika Januari 2024 unapunguza elimu ya msingi kuwa miaka sita. Walioingia darasa la tatu mwaka huo wanatarajiwa kumaliza la sita mwaka 2027, pamoja na wa mwisho wa darasa la saba. Makundi mawili yatagonga mlango wa sekondari kwa pamoja, na yule atakayepita bila kusoma vizuri atakuta masomo yanafundishwa kwa Kiingereza.

Mzazi hana haja ya kusubiri mwaka huo. Leo jioni mpe mwanao maandishi ambayo hajawahi kuyaona, gazeti au hata karatasi ya dawa, mwekee kidole katikati ya sentensi, umsikilize. Akikwama, kesho nenda shuleni ukaonane na mwalimu wake.