Kuku Mia Mbili na Mshahara Mmoja

Wafanyakazi wengi wa Dar es Salaam wanaoishi pembeni mwa jiji, Chanika, Bunju, Kibaha au Kigamboni, wamewahi kuwa na banda la kuku wa mayai nyuma ya nyumba. Baadhi yao leo wana mabanda matupu na barua ya onyo kutoka ofisini. Mara nyingi kilichowaponza ni saa. Kuku walihitaji mtu saa nne asubuhi ya Jumanne, na saa nne asubuhi ya Jumanne ni mali ya mwajiri.

Basi tuchukue mfano wa mhasibu wa kampuni binafsi anayeishi Chanika. Anatoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri na kurudi saa mbili usiku. Anataka kufuga kuku 200, na kazi yake anaihitaji.

Kabla ya kununua hata debe la maranda, asome mkataba wake wa ajira. Mikataba mingi ina kifungu kinachomtaka mfanyakazi kueleza shughuli nyingine yoyote inayomwingizia kipato, na mingine inamtaka apate kibali kwanza. Barua ya nusu ukurasa kwa idara ya rasilimali watu, ikieleza kwamba anafuga kuku nyumbani nje ya saa za kazi, inamlinda kuliko usiri. Kuna biashara mbili ambazo asizifanye hata akiruhusiwa kufuga. Asiuze mayai kwa kantini ya kampuni ambayo yeye ndiye anayepitisha malipo yake, kwa sababu huo ni mgongano wa maslahi hata kama bei ni ya haki. Na asikopeshe trei kwa wenzake wa ofisini. Mwisho wa mwezi atajikuta anamdai bosi wake trei nne, na hapo hakuna maneno mazuri ya kudai.

Sasa turudi kwenye saa. Kuku wa mayai wana kipindi kimoja kisichomruhusu mtu kuwa mbali, nacho ni wiki nne za mwanzo. Kifaranga wa siku moja hawezi kujipasha joto. Wiki ya kwanza anahitaji nyuzijoto 32 hadi 35 za sentigredi, halafu joto linapunguzwa kidogo kidogo kila wiki. Kipimajoto kinasaidia, ila vifaranga wenyewe husema kweli zaidi. Wakirundikana chini ya taa au karibu na jiko la mkaa, wanasikia baridi. Wakikimbilia kando huku wamepanua midomo, joto limezidi. Wakilala wametawanyika, mambo ni sawa. Ukaguzi huu unafanyika hata saa tisa usiku, na mtu aliyeamka mara tatu hawezi kufunga hesabu za mwezi bila kukosea.

Chanjo nazo zina siku zake. Ratiba inayotumika sana ni kideri siku ya 7, gumboro siku ya 14, kideri tena siku ya 21 na gumboro tena siku ya 28, ingawa mtaalamu wa mifugo wa eneo anaweza kuirekebisha. Chanjo ya maji inatolewa asubuhi, vifaranga wakiwa na kiu, kwenye maji yasiyo na dawa ya klorini, na yanywewe yaishe ndani ya saa mbili hivi. Mtu anayewahi daladala hana saa hizo.

Hapa sheria ya kazi inamsaidia. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi wa Tanzania likizo ya mwaka ya siku 28 mfululizo, sikukuu zikihesabiwa humo. Siku hizo 28 zinalingana na kipindi kigumu cha vifaranga. Kwa hiyo mhasibu wetu aombe likizo kwanza, kisha ndipo aagize vifaranga wafike siku ya kwanza ya likizo. Banda awe amelisafisha na kulipulizia dawa wikiendi za nyuma. Anaporudi kazini chanjo nne zimekwisha, vifaranga wameanza kuota manyoya, na msaidizi aliyemwajiri amejifunza akiwa naye bega kwa bega.

Msaidizi huyo ndiye anayelinda ajira, na ndiye anayebadilisha hesabu yote. Tutumie bei za mfano, msomaji aweke za kwake: kifaranga Sh 3,000, mfuko wa kilo 50 wa chakula Sh 65,000, trei Sh 8,000, mshahara wa msaidizi Sh 150,000. Kuku mmoja hula kama kilo 7 hadi aanze kutaga, karibu wiki ya 20. Kwa kuku 200 hiyo ni mifuko 28. Ukijumlisha vifaranga, chakula na miezi minne ya msaidizi, zimeondoka zaidi ya Sh milioni 3 kabla ya yai la kwanza, na banda halimo. Hela hiyo iwepo benki kabla ya kuanza. Anayetegemea kuchomoa kwenye mshahara kila mwezi atafika mwezi wa tatu akipunguza chakula, na kuku aliyedumaa akiwa mdogo hatagi vizuri baadaye.

Wakianza kutaga, kuku 200 hula kilo 24 kwa siku, yaani chakula cha Sh 936,000 kwa mwezi. Wakitaga kwa asilimia 80 anapata mayai 160 kwa siku, trei 160 kwa mwezi wa siku 30, Sh 1,280,000. Watu huitaja hiyo ya mwisho kwa jirani. Toa chakula, toa msaidizi, toa Sh 50,000 za dawa na maranda, inabaki Sh 144,000. Kwa mwaka mzima wa kutaga, pamoja na fedha za kuku wanaouzwa wakizeeka, atarudisha mtaji na kubaki na kidogo sana.

Ndiyo maana nasema kuku 200 si kipato cha pili. Ni mwaka wa kujaribu kama ajira inaweza kubeba banda. Faida inaanza kuonekana kwenye 500 hivi, kwa kuwa msaidizi ni yuleyule mmoja. Lakini kuanza na 500 bila kujua ni kuweka zaidi ya milioni 6 mikononi mwa mtu uliyemfahamu mwezi uliopita.

Mwaka huo una namba moja ya kuangalia. Kwa bei zetu, gharama zote za mwezi zinalipwa na mayai 142 kwa siku. Msaidizi atume ujumbe mmoja kila jioni: mayai, vifo, mifuko iliyobaki. Idadi ikishuka ghafla, ulizia maji kwanza, kisha kama mfuko wa chakula umebadilishwa aina, kisha ugonjwa. Ikikaa chini ya 142 wiki mbili mfululizo bila sababu inayotibika, mshahara umeanza kulisha kuku. Simu za mchana zibaki kwa dharura tu, na hata hizo zimwendee kwanza mtaalamu wa mifugo, ambaye namba yake imebandikwa mlangoni mwa banda.

Mzunguko wa pili unapangwa kwa kalenda ileile. Likizo ikiwa Januari kila mwaka, vifaranga wa Januari ya kwanza wanafika wiki ya 72 karibu na Mei ya mwaka unaofuata, umri ambao wafugaji wengi huanza kuwauza. Vifaranga wa Januari ya pili wanaanza kutaga mwishoni mwa Mei hiyohiyo. Wakuzwe kwenye banda lao peke yao, na msaidizi aanzie kwao asubuhi kabla ya kugusa wakubwa, kwa sababu kuku wazee hubeba magonjwa yasiyowaua wao lakini yanayoua wadogo. Miezi hiyo mitano, kiasi fulani cha chakula cha vifaranga kitatoka kwenye mayai ya kuku wa mwanzo.