Nafasi ya Ombi katika Dokezo Sabili: Mfano wa Uandishi kwa Katibu Mkuu wa Wizara, Dodoma

Katika wizara zilizoko Mji wa Serikali, Mtumba, ofisa anayehitaji uamuzi wa Katibu Mkuu huandika dokezo sabili. Kwa mazoea, dokezo huanza kwa kurejea somo, hueleza usuli kwa aya kadhaa, kisha ombi hufika mwishoni, kabla tu ya maneno "Naomba kuwasilisha". Makala haya yanaeleza athari ya mpangilio huo na namna ya kuurekebisha.

Athari yake huonekana katika maneno anayoandika kiongozi juu ya dokezo. Msomaji mwenye majalada mengi akikutana na usuli kwanza, huweza kulichukulia dokezo kuwa ni taarifa tu, akaandika "Nimeona". Neno hilo halitoi idhini, hivyo mhasibu hawezi kulitegemea kufanya malipo. "Tuzungumze" nalo mara nyingi huashiria kwamba ombi halikueleweka. Katika hali zote mbili dokezo huandikwa upya, na siku hupotea.

Chukulia mfano wa kubuni wa safari ya kukagua visima wilayani Kondoa. Baada ya kichwa cha somo, dokezo lingeanza hivi:

"Naomba uidhinishe, kabla ya 12 Juni, shilingi 1,800,000 kwa maofisa watatu kukagua visima Kondoa kwa siku nne. Idhini ikichelewa, malipo hayatakamilika kabla ya mwaka wa fedha kufungwa 30 Juni."

Sentensi ya kwanza inataja kitendo kinachotakiwa kwa msomaji, kiasi na tarehe. Ya pili inataja matokeo ya kutoamua. Maelezo hufuata kwa mpangilio wa maswali ambayo kiongozi angeuliza: fedha zinatoka kifungu gani, hesabu imepatikanaje (posho ya 120,000 kwa maofisa watatu kwa siku nne ni 1,440,000, na mafuta 360,000), na kwa nini ukaguzi usifanywe na ofisi ya wilaya. Historia ya mradi hubaki kwenye kiambatisho.

Pingamizi la kawaida ni kwamba kutanguliza ombi ni kukosa adabu. Hata hivyo, heshima katika dokezo hubebwa na kitenzi "naomba" na cheo cha mwandikiwa, wala haiondoki ombi likihamishwa kutoka aya ya mwisho kwenda ya kwanza.

Mpangilio huu una mpaka wake. Kiongozi anaweza kuidhinisha bila kusoma zaidi ya mistari miwili. Kwa hiyo jambo lolote linaloweza kubadili uamuzi, kama vile kifungu kutokuwa na salio la kutosha au mkaguzi kuhoji safari iliyotangulia, sharti liwemo katika mistari hiyo. Likifichwa chini, idhini itakayopatikana haitakuwa imetolewa kwa ufahamu kamili, na mwandishi ndiye atakayetakiwa kuieleza wakati wa ukaguzi wa hesabu.