Msimbo Unapokwenda kwa Mwingine

Katika mitaa kama Huruma, Eldoret, PIN nyingi za KRA zilifunguliwa saiba. Mteja hakuwa na baruapepe, basi kijana wa kwenye kompyuta akaandika yake ili kazi iishe. Miaka inapita, saiba inafungwa, laini ya simu inapotea. Mwenye PIN anapotaka kuwasilisha ritani, paswadi mpya inatumwa kwenye kisanduku ambacho yeye hawezi kukifungua.

Chukua mama muuza mitumba aliye katika hali hiyo. Anabonyeza "Forgot Password", skrini inamwambia ujumbe umetumwa, naye anasubiri bure. Mfumo haujakosea, umetuma pale ulipoambiwa. Kurudia kubonyeza hakumsaidii, na kubahatisha paswadi ya zamani kunaweza kuifungia akaunti. Wala asifikirie kufungua PIN nyingine, kwa sababu nambari ya kitambulisho chake tayari imefungwa kwenye ile ya kwanza.

Aanze na laini. Kama bado imesajiliwa kwa jina lake, duka la kampuni ya simu litamrudishia nambari ileile akionyesha kitambulisho. Laini iliyokaa muda mrefu bila kutumika huenda imeshauzwa kwa mtu mwingine, na hapo misimbo yake inamfikia mgeni.

Baruapepe ndiyo kazi kubwa. Ikiwa hana njia ya kuifungua, ni lazima KRA wenyewe waibadilishe, na hawataibadilisha kabla hajathibitisha kwamba ndiye mwenye PIN. Njia ninayoipendelea ni kwenda mwenyewe, ofisi ya KRA ya KVDA Plaza mjini au Huduma Centre, akiwa na kitambulisho halisi, nambari ya PIN na baruapepe mpya aliyoifungua kwenye simu yake. Afisa akishabadilisha, ndipo abonyeze tena "Forgot Password". Utaratibu huo usigeuzwe: paswadi ikiombwa kabla ya anwani kubadilishwa, itarudi kulekule.

Watu wengi huishia hapo, ilhali yule wa saiba alikuwa na funguo kwa miaka. Akishaingia, aweke paswadi yake na swali jipya la usalama, kisha afungue "Registration" na "Amend PIN Details" aone kama nambari ya simu nayo ni ya sasa. Aangalie pia ritani zilizokwisha kuwasilishwa. Akikuta mwaka ambao alifanya biashara umeandikwa kuwa hakuwa na mapato, ritani hiyo inaweza kurekebishwa, lakini kodi iliyofichika itadaiwa pamoja na riba.

Haya yafanywe mapema. Mwisho wa ritani ya mtu binafsi ni Juni 30, na anayechelewa hutozwa Sh2,000 au asilimia 5 ya kodi anayodaiwa, ile iliyo kubwa. Wiki ya mwisho ya Juni foleni huwa ndefu, na kuna wengine ndani yake waliokuja kubadilisha baruapepe tu.